Anayebisha Ndiye Anayefuta

Mara ya kwanza shemeji yangu alipomng'oa dada yangu jino, neno lililomponza lilikuwa "dawamu". Nilikuwepo. Nilisikia jino likigonga sahani ya bati kabla sijaelewa kuwa ni jino, na mpaka leo padri akitamka daima na dawamu kanisani, mimi nabana taya wakati wenzangu wanaitikia amina.

Nieleze mchezo kwanza, maana bila mchezo mtadhani dada yangu alikuwa mtu wa kujibizana. Hakuwa. Mwenye mdomo ni mimi.

Mchezo wetu tunauita bakisha. Unapewa neno fupi, nawe unatafuta neno refu ambalo ukifuta baadhi ya herufi zake, bila kuzihamisha zile nyingine, neno fupi linabaki. Nina mgahawa mdogo wa chai Bwera, si mbali na mpaka, na mtu akifika leo kwa mara ya kwanza namfundisha kwa vitu vilivyo mbele yake mezani. Chukua chapati. Futa p, futa a inayoifuata, futa t. Imebaki nini? Chai. Herufi zimekaa kwenye foleni yao ileile, hakuna iliyomruka mwenzake. Lakini ukiniambia mali imo ndani ya milima nitakucheka. Herufi zote nne zimo, ndiyo, ila a imekaa mkiani na baada yake hakuna kitu. Kuwa nazo zote si hoja kama hazikufuatana. Tena neno lililokaa zima ndani ya lenzake sisi hatulikubali. Damu ndani ya mwanadamu haihesabiwi, kwa sababu imekaa pale mwishoni yote pamoja na hukutoa kitu katikati yake. Lazima katikati pang'oke herufi.

Aliyetuletea mchezo ni mzee mmoja wa Butembo, muuza vitenge, Mkatoliki asiyetembea bila rozari mfukoni, aliyekuwa mwalimu kwao kabla ya bunduki kumfukuza. Ndiye aliyekuja pia na kanuni yenyewe: anayebisha ndiye anayefuta. Ukisema neno langu si kweli, mimi sikuonyeshi chochote. Unainuka wewe, mbele ya watu, unafuta herufi kwa kidole chako. Neno fupi likibaki, umeshindwa. Lisipobaki, nimeshindwa mimi.

"Juu ya nini nikuonyeshe?" mzee alizoea kusema. "Ni weye unabisha, ni weye utafuta. Kidole yako haiwezi kukudanganya."

Kwa watu wa kawaida kanuni hiyo inachekesha. Madereva wanaongoja karatasi zao za mpaka huifurahia, wanapigana vikumbo kwenda ubaoni. Kwa mwanamume asiyejua kushindwa, ni kumwita mbele za watu ajichape mwenyewe. Na shemeji yangu alikuwa mwanamume wa aina hiyo.

Alikuwa askari, si mtu wa kwetu. Alitoka kaskazini ya mbali, na kwa kuwa yeye hakujua Kikonzo chetu na dada hakujua lugha yake, nyumba yao ilisimama juu ya Kiswahili. Dada alikifundisha katika shule moja ya msingi huko Kasese, upande wa Nyamwamba. Shemeji alikitumia kufoka gwarideni. Likizo moja dada alikuja Bwera, akajifunza bakisha kwenye mgahawa wangu, akarudi nayo darasani kwake, na kabla hatujajua, mchezo ukaingia kambini walikoishi. Askari wakawa wanaucheza kantini siku za mapumziko, kwa chaki juu ya meza iliyopakwa rangi nyeusi.

Dada alitushinda wote. Alinipa siri yake bure, nami nawapa. Usilikodolee macho neno refu zima. Shika herufi ya kwanza ya neno fupi, anza kushoto, tembea mpaka uikute, simama. Kuanzia hapo itafute ya pili. Ukiikuta, ya tatu. Chukua kila moja pale unapoikuta kwanza, na usirudi nyuma hata hatua. Ukifika mwisho wa neno refu na bado una herufi mkononi, basi halimo, hata ulie. Mimi nilikuwa nachanganyikiwa na a mbili tatu zilizomo kwenye neno moja. Yeye hakubabaika.

Ile Jumamosi ya jino nilikuwa nimemtembelea kambini. Tulipita kantini na sufuria ya chakula, na shemeji alikuwa amekaa katikati ya wenzake ameegemea kiti, amewanyamazisha wote. Neno alilotoa lilikuwa damu. Walijaribu, wakakwama. Wengi walitaja mwanadamu, wakazomewa.

"Mwalimu!" shemeji akamwita dada. "Kuja hapa. Wewe na kusoma yako yote, leta neno."

Alitaka akwame na yeye, tuelewane. Alimwita ili amalizie ushindi wake kwa mke.

Dada hakufikiri sana. "Dawamu," akasema.

"Hiyo si neno."

"Iko neno, afande," mmoja akasema. "Hata kanisani wanaisema."

"Mimi nabisha!"

Basi, kanuni ni kanuni. Dada akaandika, shemeji akainuka, akalowesha kidole kwa mate. Akafuta w. Akafuta a iliyofuata. Meza nzima ikaona damu imebaki, d, a, m, u, na kidole chake chenye chaki kimesimama juu yake. Walicheka mpaka mmoja akaanguka na benchi. "Afande amejichinja na kidole yake!" Shemeji naye akacheka. Niliyaona meno yake, nikayaona macho yake, nikasema moyoni leo kuna kazi.

Nyumbani alikaa akala matonge kadhaa kwa utulivu. Dada akainama kumwongezea mchuzi. Hapo akampiga kwa nyuma ya mkono, na lile jino likaanguka kwenye sahani yangu, si yake, yangu. Nilipoinua uso alikuwa ameshavua mkanda. Aliupindua ili kile kifungio cha shaba kiwe mbele. Alimpiga mgongoni, alipojikunja akampiga mbavuni, alipojikinga akampiga viganja. Kila pigo alisema neno moja: daima, dawamu, daima, dawamu. Nilimrukia mgongoni nikamuuma sikio. Akanitupa mlangoni kama gunia la kahawa, na kichwa changu kikalia. Jirani alikuwa ana redio. Nilisikia mkono wa mtu ukiongeza sauti.

Kuongeza sauti! Nilimchukia yule jirani kuliko shemeji. Shemeji angalau alikuwa amelewa kushindwa. Huyu alikuwa mzima.

Nilimwogesha dada kesho yake. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na mimi niliosha mgongo wa mtu aliye hai nikaona alama ya kifungio kile, mraba kwa mraba. Nikamwambia twende. Akaniambia kitu ambacho wanawake wote waliopigwa hukisema, sitakiandika hapa kwa kuwa mnakijua.

Mnaweza kusema, basi angeacha kucheza. Aliacha. Shemeji ndiye hakuacha. Alileta chaki nyumbani. Baada ya chakula alisukuma vyombo pembeni na kuandika neno mezani, akamwambia cheza. Dada akawa anashindwa kwa makusudi. Alipewa mke, akakaa kimya kana kwamba hajawahi kuona mkate. Alipewa kufa, ambayo hata watoto wa darasa lake waliiweza, kwani kitenzi chochote kinachoanza na kuf na kuishia na a kinaibeba kama hazikugusana: kufundisha, kufikiria, kufukuza. Akasema hajui.

"Hujui?" shemeji akasema. "Mwalimu hajui kufa?" Akamshika nywele akamgonga uso mezani, juu ya chaki. "Unanihurumia mimi? Unanionea huruma?"

Akishinda anapigwa, akishindwa anapigwa kwa dharau. Mwanamke wa namna hiyo afanye nini? Wapo waliomwambia avumilie. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, nao walilala kwao wakakoroma.

Mkono ulivunjika siku ya mvua. Alimpiga kwa kigoda, cha mti mgumu, na dada alipoinua mkono wa kulia kuokoa kichwa, mfupa ukaitika. Shemeji alipokwenda zamu, dada alitoka na nguo alizovaa. Njiani alishuka Kinyamaseke akatapika kwa maumivu kando ya maduka, akapanda tena gari lingine, akanifikia Bwera mkono umening'inia ndani ya kanga. Tulimpeleka hospitali, mkono ukafungwa plasta. Nilimlaza chumba cha nyuma cha mgahawa, kati ya magunia ya mkaa na sukari, nikalala mlangoni na panga.

Shemeji alikuja mchana kweupe. Madereva walikuwa wanakunywa, ubao umejaa chaki, mzee wa vitenge amesimama akisubiri zamu yake. Shemeji hakusalimia.

"Iko wapi mwanamuke yangu?"

"Afande, ikala kwanza," mzee akamwambia kwa upole, akimvutia kiti. "Kunywa chai. Hapa beko batu, tutaongea muzuri."

Shemeji akampiga ngumi ya kifua. Mzee alianguka juu ya meza, meza ikavunjika, na alipokuwa chini akampiga teke la ubavu kwa buti. Nilisikia ule mlio. Akapiga tena. Mzee alikuwa anaita jina la Bikira Maria kwa pumzi fupi fupi.

Sufuria ya chai ya maziwa ilikuwa inachemka. Niliishika kwa kanga yangu, nikammwagia. Nililenga uso, ikampata shingo na bega. Alilia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima. Sijutii. Nilijutia maziwa tu, yalikuwa ya mkopo.

Hapo madereva wakamvamia. Walikuwa wanampenda mzee. Walimburuta nje wakampiga kwa viti, kwa spana ya magurudumu, mmoja akawa ameshachomoa mkanda wa turubai kumfunga shingo. Damu ilimtoka puani ikachanganyika na maziwa. Nilikuwa nawashangilia, niseme ukweli. Ndipo dada akatoka chumba cha nyuma, na mkono wake wa plasta, akajitupa juu yake.

"Muache! Mutamuua! Muache!"

Wakamwacha. Nilimkasirikia dada yangu hata nikashindwa kusema naye mpaka jioni. Nilimwuliza bado unampenda? Akanijibu hapana, lakini akifa hapa, wewe na hawa mtafungwa, na mimi nitakuwa mjane wa mtu mwema, kila mtu atanisimulia wema wake mpaka nife. Polisi walikuja, wakaandika, wakasema ni mambo ya nyumbani, yazungumzwe nyumbani.

Kwa hiyo yakapelekwa nyumbani.

Nyumbani ni Kyondo, kwenye vilima, kwa baba. Baba ni mkulima wa kahawa na mtu wa kunyooka, ila kwake kunyooka kulikuwa ni mwanamke kuwa kwa mumewe. Hakupenda binti aliyeolewa kukaa kwenye mgahawa wa mpakani akitazamwa na madereva. Shemeji akatuma ujumbe kwamba anakuja kuomba radhi na kumchukua mkewe. Baba akasema aje. Dada akauliza, "Na mimi?" Baba akasema mume akiomba radhi mbele ya wazee na mke akakataa, mwenye kosa ni mke. Hivyo ndivyo mambo yalivyosimama. Asubuhi ile, kama shemeji angejieleza vizuri, kabla ya jua kuzama dada angekuwa tena ndani ya ile nyumba ya kambini. Nami nilijua kuwa safari nyingine kigoda hakitakutana na mkono.

Alifika na pikapu, na wazee wawili wa kanisa lake. Shingo ilikuwa imebadilika rangi pale nilipomtia alama. Alivua kofia, akapiga magoti uani mbele ya baba, na wazee wetu wakaguna kwa kuridhika. Kikao kikaenda kwa Kiswahili kwa ajili yake. Mzee wa vitenge alikuwepo pia, aliitwa kama aliyeumizwa, amefungwa bendeji mbavuni na anapumua kwa uangalifu. Mimi nilikaa jikoni mlangoni. Mchi wa kutwangia ulikuwa karibu na goti langu, na ulikuwa pale kwa kusudi.

"Baba," shemeji akasema, "mimi si mutu mubaya. Uliza popote. Lakini hasira ikinishika, mukono inaenda peke yake. Mimi siioni hata. Ikisharudi ndio naona nimefanya nini, nalia kama mutoto."

"Peke yake," baba akarudia.

"Peke yake, baba. Ilikuwa kama ugonjwa. Sasa nimeombewa. Imepona."

Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Mmoja wa wazee wetu akasema hasira ni shetani, hata yeye inamjia. Baba akamgeukia dada, akamwuliza ana la kusema.

Dada alikuwa amekaa mkekani, macho chini kama inavyotakiwa. Akasema, "Acheze bakisha na mimi. Hapa, sasa hivi. Nikimushinda mara tatu na mukono yake ikae, nitarudi naye leo leo."

Wengine wakacheka. Mimi nilitoka jikoni nikamshika bega. "Una wazimu?" nikamwambia kwa Kikonzo. "Akijizuia umekwisha. Asipojizuia umekwisha vilevile." Hakunitazama.

"Umesema mbele ya watu," baba akamwambia.

"Nimesema."

Shemeji akakubali haraka. Alidhani ni zawadi.

Mlango wa nyumba ya baba ni wa chuma, umepakwa rangi nyeusi, ukawa ubao. Mzee wa vitenge akapewa kazi ya kutoa maneno. Neno la kwanza akatoa haki. Dada akaenda mlangoni, akaandika kwa mkono wa kushoto, herufi zimelala kama zimepigwa na upepo: harakati.

Shemeji akalitazama. Angeweza kukubali akatafuta lake. Lakini huyo hakuwa yeye. "Nabisha," akasema.

"Basi futa," mzee akamwambia.

Akaenda. Dada hakusogea. Alibaki amesimama pale pale karibu na mlango, uso wake umefikika kwa kiganja. Shemeji akafuta r. Akafuta a baada yake. Akakuta k, akasita, akaiacha. Akafuta a nyingine, akafuta t. Haki ikabaki mlangoni na mapengo yake. Niliuona mshipa wa shingo ukipanda chini ya ngozi mpya. Akarudi akakaa. Mikono aliiweka juu ya mapaja, vidole vimetanuliwa, wazee wote waione.

Neno la pili lilikuwa kazi, na shemeji akatangulia. Aliandika kiangazi, kwa herufi kubwa, akajitazama kana kwamba amekileta kutoka kwao. Lilikuwa neno zuri, sikatai. Dada akaandika kizazi.

"Hiyo hapana! Hapo kuna i mbele. Na z imekuja mbele ya a. Nabisha!"

"Futa," mzee akasema.

Akafuta i kwa nguvu, kama mtu anayeua kunguni. Akafuta z ya kwanza. Kisha akaganda, kwa sababu hakukuwa na kingine cha kufuta. Kazi ilikuwa imesimama mbele yake, na yeye ndiye aliyeisimamisha. Alikuwa ameitazama z ya mbele, akaisahau ya nyuma.

"Afande amejichinja," dada akasema.

Akacheka. Dada yangu, ambaye kwa miaka hakuwahi kucheka mbele ya mume wake bila kuziba mdomo kwa sababu ya pengo, alicheka pengo wazi. Nilishika mchi. Wazee wa kanisa wakainua macho. Chaki mkononi mwa shemeji ikakatika vipande viwili, nikasikia ikikatika. Ngumi yake ilikuwa imejikunja kwenye mshono wa suruali, na kutoka hapo mpaka taya la dada hakukuwa hata na nafasi ya mtu kupita. Nilimwona akipumua. Nilimwona akitupa jicho kwa baba. Kisha vidole vikafunguka kimoja kimoja, akarudi akakaa.

"Bwana asifiwe," mmoja wa wazee wake akasema.

Neno la tatu mzee wa vitenge alilifikiria sana, akasema mume. Watu wakaguna. Shemeji akaandika mwanaume, na kwa kweli linakubalika: m, halafu unafuta mpaka u. Dada akaandika mtume.

Hapakuwa na cha kubisha. Hata mtoto angeona ni herufi moja tu imeingia katikati. Shemeji angesema nimekubali, yakaisha. Lakini mtu akizoea kubisha hubisha hata kivuli chake. "Nabisha," akasema, na alipolisema nilijua naye amejisikia. Alitembea mpaka mlangoni polepole. Dada alikuwa pale, karibu zaidi ya mwanzo, amemkabili. Shemeji akaweka kidole juu ya t, akaifuta. Mume ikabaki.

"Tatu," dada akamwambia usoni.

Akashusha mkono. Akarudi kwenye kiti chake. Akakaa.

Uwanja mzima ulipiga makofi. Baba alisimama akapiga makofi na yeye, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo sikuiona tangu harusi. Mzee wetu mmoja alimkumbatia shemeji. Vijana wakaambiwa wapakie vitu vya dada, wakatoa sanduku na godoro, wakavitupa nyuma ya pikapu. Mimi nilikuwa nalia kwa hasira, nimeuachia mchi ukaanguka. Alikuwa amejizuia. Dada alikuwa ameuza ngozi yake mwenyewe mbele ya macho yangu.

"Haya, mwanangu," baba akasema. "Umeona mwenyewe. Nenda na mume wako."

"Nimeona," dada akasema. Alikuwa bado amesimama mlangoni. "Baba, alisema mukono inaenda peke yake. Mulimusikia wote."

"Tulimsikia. Imepona."

"Haikuwa mugonjwa." Akamgeukia mumewe. Hakupandisha sauti, alisema kama anavyosema darasani. "Nimekushinda mara tatu. Nimesimama karibu yako. Nimekucheka. Umekasirika mupaka chaki imevunjika, na mukono imekaa, kwa sababu baba yangu anaangalia. Basi inakusikia. Siku uliniondoa jino ilikuwa inakusikia. Siku ya kigoda ilikuwa inakusikia. Haikuenda peke yake hata siku moja. Wewe ndio uliituma."

Shemeji akainuka. Alikuja hatua moja, hatua ya pili, na mkono wa kulia ukapanda mpaka usawa wa sikio, wazi, wote tukauona. Nikatafuta mchi kwa vidole bila kuangalia chini. Mkono ukasimama pale juu. Akamtazama baba. Akawatazama wazee wake wa kanisa. Akaushusha.

"Ona," dada akasema.

Baba aliutazama ule mkono, kisha akaenda kwenye pikapu, akapanda nyuma kwa taabu ya magoti yake, na akaanza kuteremsha godoro.